Kitabu kimepotea: jinsi mashine inavyoshika ngeli hadi mwisho wa sentensi

Soma sentensi hii kwa sauti: "Kitabu ambacho wazee wa mtaa waliwanunulia wanafunzi wa darasa la sita kimepotea." Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayejikwaa pale mwishoni. Kilichopotea ni kitabu, kwa hiyo kitenzi kinabeba "ki-". Hata hivyo, kati ya kitabu na kupotea yamepita maneno kumi, na humo ndani wamo wazee, mtaa, wanafunzi na darasa, kila nomino na ngeli yake, kila moja ikiwa na uwezo wa kukivuta kitenzi upande wake.

Sasa ipe kompyuta kazi hiyohiyo. Lifiche neno la mwisho, kisha itake ikisie. Kompyuta haijui kitabu ni nini wala haijawahi kupoteza kitu. Kila neno kwake ni safu ya namba, na maneno inayasoma moja moja, kuanzia kushoto. Ikifika kwenye "sita" inatakiwa iseme kiambishi gani kinafuata. Ikiwa imeshakisahau kitabu, itashika nomino iliyo karibu na kuandika "limepotea", kana kwamba ni darasa. Au itawashika wanafunzi na kuandika "wamepotea", na hapo mtaa mzima utatoka na tochi kutafuta watoto ambao wamelala nyumbani kwao.

Kuunganisha neno la sasa na neno lililopita zamani ndiyo kazi iliyowasumbua watafiti wa mitandao ya nyuroni katika miaka ya 1990. Jibu lililotawala kwa muda mrefu linaitwa LSTM, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya kumbukumbu ya muda mfupi iliyorefushwa. Walilichapisha Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber mwaka 1997. Mifumo mikubwa ya lugha ya leo imehamia kwenye muundo mwingine, lakini LSTM ina sifa moja ninayoipenda: kiini chake unaweza kukikokotoa kwa kalamu na karatasi, na ukakiona kitabu kikisafiri neno kwa neno hadi kufika kwenye kitenzi chake.

Ugonjwa wa kuzidisha

Kabla ya LSTM ulikuwepo mtandao sahili zaidi. Unasoma neno, unalichanganya na kumbukumbu uliyo nayo, unapata kumbukumbu mpya, unaendelea na neno linalofuata. Kumbukumbu yenyewe ni safu ya namba, tuseme mia mbili au mia sita. Kila neno linapoingia, safu yote huandikwa upya: namba za zamani huzidishwa kwa uzito fulani, huongezewa mchango wa neno jipya, kisha hubanwa zisizidi 1 wala zisishuke chini ya -1. Hakuna namba yenye ruhusa ya kukaa kimya. Neno "wa", ambalo halina habari yoyote juu ya kitabu, linaitikisa kumbukumbu nzima kama lilivyoitikisa neno "kitabu" lenyewe.

Hilo ni baya, lakini baya zaidi hutokea wakati wa kujifunza. Mtandao hujifunza kwa kukosea. Ukikisia "limepotea" mahali pa "kimepotea", kosa hilo hupimwa, kisha ishara yake hurudishwa nyuma kwenye sentensi, neno kwa neno, ili kila uzito ulioshiriki kuleta kosa urekebishwe kidogo. Katika kila hatua ya kurudi, ishara huzidishwa kwa namba. Ikiwa namba hiyo ni 0.5, baada ya hatua kumi ishara imebaki chini kidogo ya sehemu moja ya elfu. Ikiwa ni 0.9, ambayo ukiitazama unaona ni kama 1 tu, baada ya hatua kumi inabaki theluthi, na baada ya hatua mia moja inabaki chini ya sehemu tatu za laki moja. Na ikiwa ni 1.1 mambo yanageuka: baada ya hatua mia moja ishara imekua zaidi ya mara 13,000, na uzito wa mtandao unaruka huku na huko bila kutulia.

Kwa hiyo neno "kitabu", hatua kumi na moja nyuma ya kosa, halipati habari kwamba lilihitajika kukumbukwa. Hochreiter aliueleza ugonjwa huu mwaka 1991 katika tasnifu yake ya shahada, aliyoiandika kwa Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich chini ya Schmidhuber. Miaka mitatu baadaye Yoshua Bengio na wenzake wawili walichapisha makala iliyoonyesha tatizo hilohilo, na hapo ndipo watafiti wengi zaidi walipolitambua.

Hatari ya ugonjwa huu ni kwamba haupigi kelele. Mtandao haugomi wala hautoi ujumbe wa kosa. Unajifunza vizuri kabisa kwamba "kitabu" hufuatwa na "kimepotea" na "wanafunzi" hufuatwa na "wamepotea", na ukiupima kwa sentensi fupi utadhani umekwisha kuielewa sarufi. Kinachokosekana ni kile tu kinachohitaji umbali, na sentensi za namna hiyo ni chache kiasi kwamba wastani wa alama hautikisiki.

Seli na malango yake

Hochreiter na Schmidhuber waliamua kwamba kumbukumbu isiandikwe upya kila mara. Waliongeza njia ya pili, waliyoiita seli, ambayo hubadilika kwa kujumlisha. Kile kilichomo humo kinaendelea na safari hadi neno linalofuata, na jipya likija linaongezwa juu yake ikiwa limeruhusiwa. Kwa umbo linalotumika leo, hesabu nzima ni mistari miwili:

```
c = f * c_awali + i * g
h = o * tanh(c)
```

Hapa `c` ni kilichomo kwenye seli, na `c_awali` ni kilichokuwemo kabla ya neno hili. `g` ni pendekezo la neno jipya, yaani kile ambacho neno hilo lingetaka kuandika. `h` ni kile seli inachokitoa nje kisikike na sehemu nyingine za mtandao. Zilizobaki tatu, `f`, `i` na `o`, ndizo malango: lango la kusahau, lango la kuingiza na lango la kutoa.

Kila lango ni namba kati ya 0 na 1. Hupatikana kwa kulitazama neno la sasa pamoja na `h` ya neno lililopita, kuvipa uzito, kujumlisha, kuongeza namba moja ya kudumu, kisha kuibana jumla hiyo kwa fomula iitwayo sigmoidi. Sigmoidi ikipewa 0 hurudisha 0.5, ikipewa 4 hurudisha 0.98, ikipewa -4 hurudisha 0.02. Kwa hiyo lango linafanana zaidi na koki ya bomba kuliko mlango wa nyumba, kwani linaweza kufunguliwa robo, nusu au karibu lote, na kuligeuza kidogo hubadilisha mtiririko kidogo. Hilo lina maana kubwa kwa kujifunza, kwa sababu kitu kinachobadilika kidogo kidogo kinaweza kurekebishwa kidogo kidogo.

Jina la lango la kusahau huwachanganya wengi, wakiwemo wanafunzi wa fani yenyewe. Namba yake inapokuwa 1 seli haisahau chochote, na inapokuwa 0 seli inafutwa. Ni lango la kutunza lililopewa jina la kinyume chake, na ukilijua hilo mapema utajiokoa na maumivu ya kichwa.

Turudi sasa kwenye kitabu chetu. Tuchukue seli moja kati ya mamia, na tuseme kazi yake ni kukumbuka kwamba kiima ni cha ngeli ya KI-VI. Namba nitakazotumia nimezichagua mwenyewe ili mwendo uonekane, lakini ni za aina unayoweza kuikuta kwenye mtandao uliofunzwa.

Seli inaanza ikiwa tupu, 0. Neno "Kitabu" linaingia. Lango la kuingiza linafunguka hadi 0.95 na pendekezo ni 0.9, kwa hiyo seli inapata 0.95 mara 0.9, yaani 0.855. Linakuja "ambacho". Kiswahili hapa kinaisaidia mashine, kwa kuwa ile "cho" inarudia habari ya ngeli, na mtandao uliofunzwa vizuri ungeweza kuitumia kuiongezea seli nguvu. Tuufanye mgumu wa mkono, tusiupe msaada huo: lango la kusahau liko 0.98, lango la kuingiza limefungwa, na seli inashuka hadi 0.838.

Sasa wanaingia "wazee". Hii ni nomino ya ngeli nyingine na pendekezo lake linavuta upande wa pili, tuseme -0.8. Katika mtandao wa zamani pendekezo hilo lingemiminika lote ndani ya kumbukumbu. Hapa lango la kuingiza liko 0.03 tu, kwa sababu mtandao umeona "ambacho" na umejifunza kwamba nomino inayofuata ni ya sentensi ya ndani. Kinachopita ni 0.03 mara -0.8, yaani -0.024. Seli inatoka 0.838, inazidishwa kwa 0.98, inapunguzwa hiyo 0.024, inabaki 0.797. Wazee wamepita na kitabu bado kimo.

Ukiendelea hivyo, kwa "wa", "mtaa" na "waliwanunulia" seli inapungua kwa asilimia mbili kila neno hadi 0.75. "Wanafunzi" wanaigusa kama walivyoigusa wazee, 0.711. "Darasa" nalo hivyohivyo, 0.659. Tukimaliza "sita" tuko kwenye 0.633. Maneno kumi yamepita na seli bado ina karibu robo tatu ya kilichowekwa mwanzoni.

Lakini tazama pia lango la kutoa, kwa sababu hapa ndipo muundo huu unapoonyesha ujanja wake. Kabla ya neno "waliwanunulia" mtandao ulitakiwa kukisia kiambishi cha kitenzi cha ndani, na kiima cha kitenzi hicho ni wazee. Iwapo seli yetu ingekuwa inapiga kelele "ki, ki, ki" wakati huo, tungepata "kiliwanunulia", na kitabu kingekuwa ndicho kinachowanunulia watoto kitu. Kwa hiyo lango la kutoa hapo liko 0.05. Seli ina 0.77 ndani, lakini kinachotoka nje ni kama 0.03, mnong'ono tu. Kazi ya wazee inashughulikiwa na seli nyingine. Tukifika "sita", sentensi ya ndani imekwisha na kitenzi kikuu kinakaribia. Lango la kutoa linafunguka hadi 0.9. Fomula ya `tanh` inaigeuza 0.633 kuwa 0.56, tunazidisha kwa 0.9, tunapata 0.504. Sauti ya "ki-" imepanda kutoka 0.03 hadi 0.5, na "kimepotea" inashinda.

Kuna kitu cha mwisho. Kitenzi kikishaandikwa na nukta ikafuata, ngeli ya kitabu haina kazi tena. Lango la kusahau linashuka hadi 0.02 na seli inabaki na 0.013, karibu sifuri. Sentensi inayofuata ikianza na "Wazazi", hakuna kitabu cha jana kitakachowasumbua.

Malango hujifunzaje?

Hakuna mtu aliyekaa akaandika kanuni kwamba "ambacho" ikipita ufunge lango. Malango hupata uzito wake kwa njia ileile ya kurudisha kosa nyuma, na hapa hesabu ya kujumlisha inalipa deni lake. Ishara ya kosa inaporudi kupitia seli, katika kila hatua inazidishwa kwa namba ya lango la kusahau. Kwa hatua kumi za 0.98, asilimia 82 ya ishara inafika kwenye "Kitabu". Neno hilo linapata habari iliyo wazi: ulipaswa kuingizwa kwa nguvu zaidi, au umeingizwa vizuri, endelea hivyo.

Msomaji mwepesi ataona mtego hapa. Ishara hufika kwa sababu lango liko 0.98, lakini lango linafikaje 0.98 kabla ya kujifunza? Mwanzoni uzito wote ni namba ndogo za kubahatisha, jumla ni karibu 0, na sigmoidi ya 0 ni 0.5. Ukizidisha 0.5 mara kumi, ishara inafika ikiwa sehemu moja ya elfu. Tumerudi kwenye ugonjwa uleule: lango halijifunzi kutunza kwa sababu halijawahi kuona faida ya kutunza.

Dawa yake ni ndogo mno kwa ukubwa wa tatizo. Ile namba ya kudumu inayoongezwa kwenye lango la kusahau, badala ya kuianza na 0, unaianza na 1. Sigmoidi ya 1 ni 0.73. Baada ya hatua kumi inabaki zaidi kidogo ya asilimia nne. Asilimia nne si nyingi, lakini ni zaidi ya mara arobaini ya ile ya kwanza, na inatosha kuuanzisha mwendo: lango linafunguka kidogo, ishara inafika kwa nguvu zaidi, lango linafunguka tena. Mwaka 2015 Rafal Jozefowicz, Wojciech Zaremba na Ilya Sutskever walilinganisha maelfu ya miundo ya aina hii, na moja ya hitimisho lao lilikuwa kwamba LSTM ya kawaida yenye namba hiyo ya 1 inafuta sehemu kubwa ya faida ya miundo iliyodai kuishinda.

Kwa wanaoandika programu, Keras hufanya hivyo yenyewe. PyTorch haifanyi, na ina namba mbili za kudumu zinazojumlishwa, kwa hiyo ukiziweka zote 1 utapata 2. Kwa tabaka la kwanza inatosha hivi:

```
n = lstm.hidden_size
lstm.bias_ih_l0.data[n:2*n] = 1.0
lstm.bias_hh_l0.data[n:2*n] = 0.0
```

Mafunzo yakiwa yanakwenda vizuri kwa sentensi fupi na vibaya kwa ndefu, mimi huanzia hapa kabla ya kugusa kitu kingine.

Jambo moja la kihistoria hushangaza watu: LSTM ya mwaka 1997 haikuwa na lango la kusahau kabisa. Ilikuwa na malango mawili, la kuingiza na la kutoa, na seli ilizidishwa kwa 1 daima. Waandishi walikuwa wametoka kupambana na usahaulifu, kwa hiyo haishangazi kwamba hawakuona haja ya kuujenga. Katika majaribio yao ya kutengenezwa mtandao uliweza kuvuka pengo la hatua zaidi ya 1,000. Lakini majaribio hayo yalikuwa na mwanzo na mwisho, na mtandao ulisafishwa kati ya jaribio moja na lingine. Ukiulisha maandishi yasiyokatika, seli inajumlisha bila kupunguza, namba zinapanda, `tanh` inafika kileleni na kukwama pale, na tangu hapo seli inasema kitu kilekile kwa neno lolote. Felix Gers, Schmidhuber na Fred Cummins, wakifanya kazi Lugano huko Uswisi, waliongeza lango la kusahau mwaka 1999. Walichofanya ni kuibadilisha ile 1 iliyokazwa kwa msumari kuwa namba ambayo mtandao wenyewe unaweza kuishusha pale habari inapokwisha kazi.

Je, ndivyo inavyotokea kweli?

Mfano wangu wa seli moja inayobeba ngeli unaweza kuonekana umepambwa. Kwa kawaida mitandao hutawanya habari kwenye seli nyingi, na ukiifungua huoni kitu kinachosomeka. Lakini kuna uchunguzi wa mwaka 2019, ulioongozwa na Yair Lakretz, uliokuta kitu kinachokaribia sana mfano huo. Walichukua LSTM iliyofunzwa kwa maandishi ya Wikipedia ya Kiingereza, yenye matabaka mawili ya seli 650, jumla 1,300. Kiingereza hakina ngeli kama zetu, ila kitenzi hufuata umoja na wingi wa kiima. Waliizima seli moja moja na kupima ni ipi ikizimwa upatanisho unaharibika.

Seli nyingi zikizimwa hakuna kilichotokea. Mbili zilionekana kubeba mzigo wa mbali: moja ya umoja, nyingine ya wingi. Walipochora malango ya seli hizo neno kwa neno waliona sura tuliyoichora: lango la kuingiza linafunguka kwenye kiima, lango la kusahau linakaa karibu na 1 katikati ya nomino za kupotosha, na thamani ya seli inadumu hadi kitenzi. Walikuta pia seli nyingine zilizojua umoja na wingi, lakini hizo zilifuata nomino ya mwisho kuonekana, na zilifaa kwa umbali mfupi tu.

Seli mbili kati ya 1,300 ni uzi mwembamba. Sentensi ikiwa na viima viwili vinavyosubiri vitenzi vyao kwa wakati mmoja, kimoja ndani ya kingine, na vyote viko mbali, hakuna seli ya akiba ya kukibeba cha pili. Sentensi kama hizo hutusumbua hata sisi, ingawa wanaoandika mikataba bado hawajapata habari hiyo.

Umbali una mwisho

Tumeona 0.98 ikifanya kazi nzuri kwa maneno kumi. Iendeleze. Baada ya maneno 34 seli imebaki nusu. Baada ya maneno 200 imebaki chini ya asilimia mbili. Lango likiweza kukaa 0.99, nusu inafika kwenye neno la 69. Malango hayafuti ugonjwa wa kuzidisha, yanausogeza mbele, na urefu wa kumbukumbu unategemea lango linaweza kukaa karibu na 1 kiasi gani huku maneno yote yanayopita yakilisukuma.

Watafiti wa Stanford walipima jambo hili mwaka 2018 kwa kuvuruga maneno ya nyuma na kuangalia LSTM inaumia kiasi gani. Walikuta inatumia wastani wa maneno kama 200 yaliyotangulia, lakini mpangilio wa maneno inaujali kwa takriban 50 ya karibu. Zaidi ya hapo inabaki na harufu ya mada: inajua habari ni za shule na vitabu, haijui nani alimnunulia nani.

Mbali na lango kuna vikwazo vya vitendo. Wakati wa mafunzo maandishi hukatwa vipande, na ishara ya kosa hairudi nyuma ya mkato. Zaremba na wenzake, mwaka 2014, walitumia vipande vya maneno 35, na kipimo hicho kimeigwa sana. Kiima kikiwa maneno 50 nyuma ya kitenzi, hakuna ishara itakayokifikia moja kwa moja, hata lango liwe 1 kamili.

Kisha kuna namna ya kugawa maandishi, na hapa anayefanya kazi na Kiswahili awe macho. Ukisoma neno kwa neno, kati ya kitabu na kimepotea kuna maneno kumi. Lakini neno kama "waliwanunulia" ni nadra kwenye orodha yoyote ya maneno, kwa hiyo mifumo mingi huyakata maneno marefu vipande, au husoma herufi kwa herufi. Kwa herufi, kati ya kitabu na kimepotea kuna herufi 54 na nafasi 11, jumla hatua 65. Lango la 0.98 linabakisha kama asilimia 27 mahali pa 82. Sentensi ni ileile, seli ni ileile, na kumbukumbu imepungua mara tatu kwa uamuzi wa mtu aliyekuwa anaandaa data.

Namna ya kugundua kasoro hii si ngumu. Usitazame wastani wa alama. Andika jozi za sentensi zinazotofautiana kwa kiambishi tu, "kimepotea" na "limepotea", na uulize mtandao unaipa ipi uwezekano mkubwa. Anza na kiima kinachogusana na kitenzi, kisha ongeza maneno katikati, kwanza bila nomino, halafu nomino za ngeli ileile, halafu za ngeli tofauti. Ukiona alama zinashuka kwa urefu peke yake, mtuhumiwa ni lango la kusahau au vipande vya mafunzo. Ukiona zinashuka pale tu nomino za ngeli nyingine zinapoingia, lango la kuingiza linavujisha. Tal Linzen na wenzake walipima Kiingereza kwa njia hii mwaka 2016 na wakaona makosa yakipanda kadiri nomino za kupotosha zilivyoongezeka, ingawa wastani wa jumla ulikuwa wa kupendeza.

Ufinyu huu ndio uliowafanya wahandisi watafute njia za kuzunguka. Mwaka 2014 Sutskever, Oriol Vinyals na Quoc Le walipofundisha LSTM kutafsiri Kiingereza kwa Kifaransa, waligundua kwamba wakiisoma sentensi ya Kiingereza kinyumenyume tafsiri inaboreka, kwa sababu maneno ya mwanzo ya pande mbili yanakaribiana. Hiyo ni hila, na wao wenyewe walijua. Mwaka huohuo kundi la Bengio lilileta umakini, njia inayouruhusu mtandao kurudi na kulitazama neno lolote la nyuma bila kutegemea seli ilibeba nini. Mfumo wa tafsiri wa Google wa mwaka 2016 ulitumia vyote viwili: matabaka manane ya LSTM ya kusoma, manane ya kuandika, na umakini katikati. Mwaka 2017 ukaja muundo wa transfoma, uliobakisha umakini na kuacha LSTM. Kwa transfoma, kitabu na kimepotea viko hatua moja kutoka kwa kila kimoja, hata kati yao kukiwa na ukurasa mzima.

Gharama yake ni kwamba transfoma ya kawaida inalinganisha kila neno na kila neno, kwa hiyo maandishi yakirefuka mara mbili kazi hiyo ya kulinganisha inakua mara nne, na wakati wa kuandika inabeba kumbukumbu ya yote yaliyopita. LSTM inabeba safu moja ya namba ya ukubwa uleule, uwe kwenye neno la kumi au la elfu kumi. Kwa kazi ya sentensi za maneno thelathini, data kidogo na kifaa kidogo, kama kusahihisha upatanisho wa ngeli kwenye simu, bado ningeichagua bila aibu. Kwa hukumu ya mahakama ya kurasa arobaini nisingeijaribu. Hochreiter mwenyewe, ambaye sasa yuko Linz huko Austria, alirudi mwaka 2024 na wenzake wakiwa na toleo walilolipa jina xLSTM. Waliyagusa malango kwanza: mahali pa sigmoidi, isiyoweza kuvuka 1, waliweka fomula ya kipeo, ili neno jipya lenye uzito liweze kuipiku kumbukumbu yote ya nyuma kwa pigo moja.